Voi yahitaji kinywaji gani? Ramani ya juisi yaonyesha pengo

Msomaji, ukishuka garini mjini Voi saa saba mchana, jua likiwa limesimama juu ya utosi na vumbi jekundu limekuganda kwenye nywele, jambo la kwanza utakalotafuta ni kitu cha kuituliza kiu. Hutapungukiwa. Kila kibanda kando ya barabara kuu ya Mombasa kina friji ya kioo, na ndani yake mna chupa na pakiti za kila rangi. Ukizitazama utadhani kila haja ya koo la binadamu imekwisha kutoshelezwa, na anayetaka kuanzisha kiwanda cha juisi Taita Taveta anapoteza muda wake.

Huenda sivyo. Nataka leo tuitazame friji hiyo kwa jicho la mfanyabiashara na la mtu wa afya kwa wakati mmoja, kwa sababu katika jambo hili macho hayo mawili huona kitu kimoja. Wafanyabiashara wana chombo chao wanachokiita ramani ya fikra za wanunuzi. Ni karatasi yenye mistari miwili inayokatana, na juu yake kila chapa huwekwa mahali ambapo wanunuzi wanadhani inastahili kuwa. Chapa zinazofanana katika mawazo ya watu hukaa karibu karibu, zinazotofautiana hukaa mbali, na mahali palipo patupu huitwa pengo. Ni chombo cha zamani kidogo. Hesabu zake zilikuzwa na wataalamu wa elimu ya nafsi katika miaka ya 1950 na 1960, kisha watu wa masoko wakazichukua. Lakini huhitaji hesabu kubwa ili kuichora. Penseli na karatasi ya mraba vyatosha, mradi tu ujue wapi watu hukosea.

Na kosa la kwanza hufanywa hata kabla ya kumwuliza mtu swali lolote. Mchoraji huketi ofisini akaamua mwenyewe kwamba mstari mmoja utakuwa wa bei na mwingine wa ubora. Matokeo yake ni kwamba chapa zote hujipanga kwenye mshazari mmoja, kutoka ile ya bei nafuu na hafifu hadi ile ghali na bora, kwa kuwa katika mawazo ya wanunuzi bei na ubora ni kitu kimoja kilichopewa majina mawili. Pembe mbili za karatasi hubaki tupu, na mchoraji hushangilia kwamba amegundua pengo la juisi bora ya bei nafuu. Hajagundua kitu. Kila mtu duniani angependa kitu bora kwa bei nafuu.

Njia iliyo nzuri ni kuwaachia wanunuzi wenyewe watoe maneno ya mistari. Mweke mtu mbele ya vinywaji vitatu, kwa mfano pakiti ya juisi iliyoandikwa kwamba ni matunda matupu, chupa ya plastiki ya kinywaji cha embe, na gilasi ya ukwaju iliyochotwa kwenye ndoo. Mwulize: kati ya hivi vitatu, ni viwili vipi vinavyofanana, na huyo wa tatu amekosana nao kwa nini? Usimpe majibu. Badilisha vinywaji, rudia swali, na uandike maneno yake kama alivyoyatamka. Baada ya watu kumi au kumi na watano utaona kwamba maneno mapya yameacha kuja na yale yale yanajirudia.

Ukifanya hivyo mjini Voi, usitarajie kusikia neno vitamini mara nyingi. Sikiliza watu wanavyozungumza juu ya vinywaji kwenye vibanda na utasikia mambo mawili yakirudi. La kwanza ni utamu pamoja na uzito. Hii ni tamu, ile ni chachu; hii ni nzito, ile ni ya maji maji. La pili ni kuaminika. Imefungwa kiwandani? Maji yake yametoka wapi? Nani ameishika? Mtu aliyekaa nchini Kenya katika mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022, au ule wa mwaka 2015, haulizi swali hilo kwa mzaha. Basi hiyo ndiyo mistari yetu. Ulalo utakuwa wa utamu, kutoka chachu na nyepesi hadi tamu na nzito. Wima utakuwa wa kuaminika, kutoka kinywaji ambacho mtu anakiogopa hadi kile anachompa mtoto wake bila kufikiri.

Sasa tuwapange wachezaji. Miongoni mwa chapa zinazouzwa nchini kuna Del Monte kutoka Thika; kuna kampuni ya Kevian, nayo ya Thika, yenye Afia na Pick N Peel; kuna Minute Maid ya Coca-Cola; kuna Picana inayotengenezwa Mtwapa, huku kwetu Pwani; na kuna Quencher ya kampuni ya Excel Chemicals, ambayo wengi wanaijua kwa juisi ya kuchanganya na maji nyumbani. Orodha haiishii hapo. Lakini mchoraji akiweka chapa za viwandani tu, ramani yake itasema uongo, kwa sababu msafiri mwenye kiu hachagui kati ya juisi na juisi. Anachagua kati ya juisi, soda, maji ya chupa, na ukwaju wa mama anayeuza karibu na steji. Vyote hivyo lazima viwemo.

Waulize watu 30, wapate kutoa alama kuanzia 1 hadi 7 kwa kila kinywaji kwenye kila mstari. Yeyote ambaye hajawahi kuonja kinywaji fulani asikipe alama; mwandikie kistari tu. Anayekisia hukipa 4, na chapa isiyojulikana huonekana kana kwamba inakaa katikati ya ramani, ilhali haikai popote.

Ili uone kazi inavyokwenda, nitatumia alama za mfano. Narudia kwamba ni za mfano tu, wala sikuzipata kwa kupima chapa yoyote iliyotajwa hapo juu. Tuseme vinywaji vya embe vya chupa vimepata wastani wa 6 kwa utamu na 6 kwa kuaminika. Pakiti za matunda matupu zimepata 5 na 6. Soda 7 na 6. Juisi ya kuchanganya nyumbani 6 na 4, kwa sababu inategemea maji ya aliyeichanganya. Maji ya chupa 1 na 6. Ukwaju wa ndoo 3 na 4. Weka nukta zako kwenye karatasi. Utaona kwamba kona ya juu kulia imejaa mpaka nukta zinagongana, na juu kushoto kabisa yamesimama maji peke yake. Kati ya maji na msongamano ule, yaani mahali penye utamu wa 3 na kuaminika kwa 6, hapana kitu.

Kabla hujafurahi, rudi uitazame ile nukta ya ukwaju. Wastani wake wa kuaminika ni 4, nambari ya kati inayoonekana haina ubaya. Lakini fungua karatasi zenyewe. Huenda ukakuta watu 15 wameupa alama 6 na wengine 15 wameupa 2. Jumla yake ni 120, ukigawanya kwa 30 unapata 4, na hakuna hata mtu mmoja aliyesema 4. Walioupa 6 ni wakazi wa Voi wanaomjua mama yule, wanajua anachemsha maji yake, na wamekunywa kwake miaka. Walioupa 2 ni abiria wa basi waliosimama dakika kumi na tano. Kwa hiyo hapana ramani moja ya Voi. Kuna mbili, ya mkazi na ya mpitaji, na lazima zichorwe mbali mbali. Kwenye ramani ya mkazi lile pengo limejazwa zamani na mama wa ukwaju. Kwenye ramani ya mpitaji pengo ni la kweli.

Hapa ndipo habari ya afya inapoingia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo ndani ya asali na juisi za matunda, isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu anayopata mtu kwa siku kutokana na chakula. Kwa mtu mzima wa kadiri, hiyo ni kama gramu 50. Likaongeza kwamba ingefaa zaidi ipunguzwe hadi nusu yake, gramu 25. Zingatia kwamba juisi za matunda zimetajwa humo, hata zile zisizoongezwa punje ya sukari. Chungwa likiliwa zima huja na nyuzi zake na humchukua mtu dakika kadhaa. Juisi ya machungwa matatu hupita kooni kwa pumzi moja.

Chukua sasa chupa ya nusu lita ya kinywaji chenye gramu 11 za sukari katika kila mililita 100, kiasi ambacho ni cha kawaida katika juisi na soda. Zidisha kwa tano, unapata gramu 55. Kijiko cha chai kina takriban gramu 4, kwa hiyo umekunywa karibu vijiko kumi na vinne, na umevuka kile kipimo cha siku nzima kabla hujafika Mwatate. Kuna chai ya asubuhi bado, na ya jioni. Dereva wa lori au kondakta anayefanya hivyo kila siku kwa sababu ya joto hajioni kuwa mtu mwenye tamaa ya vitamu. Alikuwa na kiu tu.

Utauliza, kwa nini basi asinywe maji? Anakunywa. Lakini mtu mwenye fedha za soda mfukoni, aliyechoka na safari, anataka kitu chenye ladha, na kumhubiria maji kumekuwa kukifanyika kwa miaka mingi bila kuzipunguza zile friji. Ramani inatuambia jambo ambalo mahubiri hayasemi: kati ya maji na soda hakuna ngazi. Lazima aruke kutoka 1 hadi 5.

Kuna jambo jingine ambalo ramani hulifichua, nalo ndilo naliona kuwa zito kuliko yote. Ramani huonyesha yaliyomo kichwani mwa mnunuzi. Haionyeshi yaliyomo chupani. Wanunuzi wengi wanaamini kwamba kinywaji kizito ni cha tunda la kweli na chepesi kimetiliwa maji. Lakini uzito waweza kutoka kwenye nyama ya embe, na vilevile waweza kutoka kwenye vikolezo vya kuongeza uzito, ambavyo lebo huvitaja kwa majina kama pektini au gamu. Vikolezo hivyo si sumu na vimeruhusiwa. Shida ni kwamba ulimi hauwezi kuvitofautisha na tunda. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 2005 kinasema kwamba juisi ni juisi tupu, na kwamba kile kinachoitwa nekta ya embe lazima kiwe na tunda angalau asilimia 25, na nekta ya chungwa asilimia 50. Kinachouzwa kama kinywaji cha matunda ni kitu kingine tena, na aghalabu kina tunda dogo zaidi.

Kwa hiyo nashauri mchoraji achore ramani ya tatu, ya lebo. Mstari mmoja uwe gramu za sukari katika mililita 100, mwingine asilimia ya tunda. Hapo haulizwi mtu. Unasoma maandishi madogo nyuma ya chupa. Kisha iweke juu ya ile ya fikra uone ni nukta zipi zimehama. Kinywaji ambacho watu wanakiweka upande wa tunda la kweli, na lebo inakirudisha upande wa maji na sukari, ni kinywaji ambacho watu wanakilipia kwa imani isiyo na msingi. Msomaji, kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwenye supamaketi jioni ya leo kwa dakika ishirini.

Tuseme basi mtu wa Taita Taveta anataka kulijaza pengo la mpitaji. Atumie nini? Wengi watakimbilia maembe ya Taveta, kwa sababu msimu ukiwadia huwa mengi hadi yanaoza. Mimi naona embe lingempeleka kule kule kwenye msongamano, maana embe kwa asili ni tamu na zito. Isitoshe, embe lililoiva halingoji, na kiwanda kinachotegemea tunda la miezi michache lazima kiwe na mtambo wa kuhifadhi rojo lake kwa mwaka mzima.

Ukwaju ni habari nyingine. Mti wake unastahimili ukame wa nyanda za chini, nyama ya tunda ikikaushwa vizuri hukaa miezi mingi bila friji, na ladha yake iko tayari upande wa kushoto wa ramani. Lakini uchachu huo ndio mtego. Mtu akitengeneza ukwaju mzito kama rojo, atalazimika kuumwagia sukari ili uweze kunyweka, na mwisho atakuwa na gramu 11 zile zile alizokuwa akizikimbia.

Siri iko katika uwiano wa sukari na asidi, si katika wingi wa sukari peke yake. Juisi ya chungwa nzuri ina takriban gramu 110 za sukari na gramu 8 za asidi katika lita moja. Gawanya, unapata karibu 14. Ulimi huona hapo kuna mizani: utamu upo, na uchachu unaukata. Sasa tengeneza kinywaji cha ukwaju chepesi chenye gramu 3 na nusu za asidi katika lita, ukatie gramu 50 za sukari. Gawanya tena, ni 14 vilevile. Mizani ni ile ile ingawa sukari haijafika nusu. Chupa ya mililita 300 itakuwa na gramu 15, si 33. Asidi hiyo si jambo la kubahatisha. Hupimwa kwa kudondosha haidroksaidi ya sodiamu ya kipimo maalumu mpaka dawa ya rangi igeuke, kazi ambayo maabara ya shule ya sekondari inaiweza. Na kila gunia la ukwaju lazima lipimwe upya, kwa kuwa ukwaju wa mti huu si ukwaju wa mti ule.

Baadhi ya watu watasema, kwa nini tusiondoe sukari yote tukatia vitamu vya maabara? Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu hivyo ili kupunguza uzito, isipokuwa kwamba ushauri huo haukuwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Kwa maoni yangu kinywaji cha Voi kisianze safari yake na mjadala huo.

Ila ukumbuke kwamba chepesi, kwa mujibu wa fikra tulizozikuta, maana yake ni kilichotiliwa maji. Ukikiita juisi, mpitaji atakilinganisha na embe zito na kukiona hafifu. Kwa hiyo jina lisimame upande wa maji: ukwaju wa kiu, au maji ya ukwaju. Kikilinganishwa na maji ya chupa kina ladha. Kikilinganishwa na juisi kimepungukiwa. Mahali kinapowekwa ndani ya friji pana maana kama hiyo. Kiombewe nafasi karibu na maji.

Na kisiitwe dawa. Naona mara nyingi vibandiko vinavyodai kwamba ukwaju au mabuyu huondoa presha, kisukari, na maradhi mengine nusu dazeni. Kinywaji hiki hakitibu ugonjwa. Faida yake ni kwamba kimechukua nafasi ya kingine chenye sukari maradufu, na faida hiyo hupotea mtu akinywa chupa mbili badala ya moja. Tena ni asidi. Mwenye kukinyonya taratibu kutwa nzima anayachakaza meno yake, kama anavyofanya kwa soda.

Sasa kuhusu kuaminika, maana bila alama ya 6 hapo, kinywaji chetu ni ukwaju wa ndoo uliovaa kibandiko. Asidi ya ukwaju husaidia, kwa kuwa vijidudu vingi vya maradhi havistawi kwenye uchachu mkali. Hata hivyo, havifi vyote, na hamira na ukungu hustawi vizuri humo. Kinywaji hupashwa moto hadi nyuzi 85 au 90 na kutiwa chupani kikiwa moto. Hapa wengi hukwama, kwa sababu chupa ya kawaida ya plastiki, ile ya maji, hujikunja ikipata moto huo. Itabidi kununua chupa za kioo, au plastiki maalumu iliyo ghali, au kutumia dawa ya kuhifadhi kama benzoeti ya sodiamu, ambayo hufanya kazi barabara kwenye vinywaji vichachu, na kuitaja kwenye lebo. Mwenye mashaka na kazi yake aweke chupa ishirini kwenye chumba cha mabati Voi kwa wiki sita. Ikivimba hata moja, au ikilia fusi inapofunguliwa, hamira imo, na mzigo hautoki.

Kisha kuna serikali. Alama ya ubora ya KEBS inahitajika, na Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ilizitoza juisi ushuru kwa lita, ikisema wazi kwamba ni sawa ziwe zimetiwa sukari au hazikutiwa. Tangu Novemba 2019 chupa lazima ziwe na stempu ya ushuru pia. Mimi sioni busara ya mpango unaomtoza mwenye gramu 5 sawasawa na mwenye gramu 12. Kama ushuru ungefuata sukari badala ya lita, lile pengo lingejazwa na viwanda vikubwa vyenyewe bila kusubiri mtu wa Voi.

Laonekana pengo, basi, na chombo cha kulijazia kipo. Bado swali moja, na ndilo wachora ramani hulikwepa: mahali hapa ni patupu kwa sababu hakuna aliyepaona, au ni kwa sababu waliopita hapo walikufa njaa? Karatasi haiwezi kukujibu. Na wala usiwaulize watu kama wangependa kinywaji chenye sukari kidogo. Watasema ndiyo, wote, kwa heshima tu, kisha watanunua soda.

Weka meza karibu na mabasi yanaposimama. Weka juu yake barafu, chupa za ukwaju mwepesi, na za kinywaji cha embe, kwa ujazo mmoja na bei moja, na uwaache watu wanunue kwa fedha zao. Usigawe bure, kwa sababu cha bure hakikatai mtu. Hesabu chupa kila saa, na uandike pia ni ngapi zimeachwa na kinywaji ndani, maana chupa iliyoachwa nusu hukuambia zaidi ya aliyeinunua. Makondakta na madereva wa njia hiyo ndio wa kutazamwa zaidi, kwani hao hurudi. Fanya hivyo kwa wiki mbili, siku za joto na siku za mawingu. Wiki ya kwanza watu hununua kwa ugeni wa kitu. Nambari ya kuangaliwa ni ya wiki ya pili: kondakta aliyenunua ukwaju Jumatatu, Alhamisi alinyoosha mkono upande gani wa meza?